Piramidi ya umri: maswali yanayojirudia kuhusu watoto na wazee katika idadi ya watu

Ukurasa huu ni kwa yeyote anayewekewa piramidi ya umri mbele yake na kutakiwa aeleze ni sehemu gani ya watu ni watoto na ni sehemu gani ni wazee. Mfano mkuu ni Kenya katika sensa za 2009 na 2019, kwa sababu ndani ya miaka hiyo kumi piramidi ilibadilika umbo kiasi cha kuonekana kwa macho. Nimekadiria takwimu kwa milioni ili hesabu zifuatike bila kikokotoo.

## Mambo ya mwanzo

Piramidi ya umri inaonyesha nini hasa?

Ni pau zilizolala, zimepangwa kuanzia watoto wachanga chini hadi wakongwe juu. Kila pau ni kundi la umri, kwa kawaida la miaka mitano: 0–4, 5–9, 10–14, na kuendelea. Kwa desturi wanaume huwekwa kushoto na wanawake kulia. Urefu wa pau unaonyesha watu wa kundi hilo ni wangapi, au ni asilimia ngapi ya watu wote.

Haionyeshi mtu mmoja akikua. Inaonyesha watu wote waliokuwa hai usiku mmoja, yaani usiku wa sensa. Aliye kwenye pau ya 70–74 alizaliwa katika zama nyingine kabisa na aliye kwenye pau ya 0–4, kwa hiyo ukilinganisha pau hizo mbili unalinganisha pia uzazi na vifo vya nyakati mbili tofauti. Ndiyo maana ncha nyembamba ya juu haimaanishi tu kwamba watu hufa mapema. Humaanisha vilevile kwamba miaka sabini iliyopita watoto waliozaliwa walikuwa wachache kuliko leo.

Watoto wanaishia wapi, na wazee wanaanzia wapi?

Katika takwimu za kimataifa, watoto ni miaka 0–14, walio katika umri wa kufanya kazi ni 15–64, na wazee ni 65 na zaidi. Hapa kwetu sheria na sera husema vingine. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003 pia inaanzia 60. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza kulipwa 2016, ilianzia kwa wenye miaka 70.

Mipaka hiyo mitatu inatoa majibu matatu tofauti kutoka kwenye piramidi ileile. Kenya 2009, wenye 65 na zaidi walikuwa karibu 3.5% ya watu wote. Ukishusha mpaka hadi 60, asilimia inafika 5. Hakuna jibu lisilo sahihi hapo, ila ni kosa kuandika “wazee ni asilimia 5” bila kutaja umri ulioanzia. Katika ukurasa huu, mzee ni wa miaka 65 na zaidi isipokuwa pale ninaposema vinginevyo.

Na vijana? Mbona nasikia “vijana ni robo tatu ya nchi”?

Kauli ya aina hiyo mara nyingi huchanganya makundi mawili. Kwa Katiba ya Kenya, kijana ni mwenye miaka 18 ambaye hajatimiza 35. Tanzania huhesabu 15 hadi 35. Ukijumlisha kila aliye chini ya miaka 35, pamoja na mtoto wa miaka miwili, utapata namba kubwa kweli, lakini hao si vijana. Ni watoto na vijana kwa pamoja. Aliye na piramidi mkononi akague kwanza kundi linalotajwa limeanzia pau ipi.

Nisome idadi au asilimia?

Tazama mhimili wa chini kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona maelfu au mamilioni, hiyo ni idadi. Ukiona namba kama 2, 4, 6, 8, huenda ni asilimia, na hapo kuna mtego. Wachoraji wengine hukokotoa asilimia ya watu wote wa nchi, wengine hukokotoa asilimia ndani ya kila jinsi peke yake. Kwa njia ya kwanza pau zote za pande mbili zikijumlishwa hufika 100. Kwa njia ya pili kila upande hufika 100, na ukijumlisha pande mbili za watoto utapata kitu kama 86% na kudhani nchi ni chekechea. Jumlisha pau za upande mmoja kwa makadirio: zikikaribia 50, uko kwenye njia ya kwanza.

## Kupata sehemu ya watoto na ya wazee

Nifanye hesabu vipi nikiwa na jedwali?

Jumlisha makundi unayoyataka, gawanya kwa watu wote, zidisha kwa 100. Tuchukue Kenya 2009. Pau tatu za chini, wanaume na wanawake pamoja, zilikuwa milioni 5.94 (0–4), milioni 5.60 (5–9) na milioni 5.03 (10–14). Jumla ni milioni 16.57. Watu wote walikuwa milioni 38.61. Kwa hiyo watoto walikuwa 42.9%.

Wenye 65 na zaidi walikuwa takriban milioni 1.33, karibu 3.5%. Waliobaki katikati, wa miaka 15–64, walikuwa milioni 20.68, yaani 53.6%. Ukijumlisha makundi matatu utaona yanapungua kidogo kufikia jumla ya nchi. Hao ni watu wachache ambao umri wao haukuandikwa. Kwa taifa zima hawabadilishi chochote, lakini katika jedwali la eneo dogo waangalie ni wangapi kabla ya kuwapuuza.

Sina jedwali, nina picha tu. Inawezekana?

Inawezekana kwa makadirio. Weka rula wima kwenye mwisho wa kila pau na usome thamani kwenye mhimili, upande mmoja kisha wa pili. Anza na pau tatu za chini, kisha zile za kuanzia 65. Pau za juu ni fupi, hivyo kosa dogo la jicho ni kosa kubwa kwa wazee: kukosea asilimia nusu kwa watoto hakuonekani, ila kwa wazee ambao wote hawafiki 4% ni tofauti kubwa. Kwa wazee andika “chini ya 5%” na usijifanye umepima hadi desimali.

Umri wa kati nautoaje?

Umri wa kati ni ule unaogawa watu nusu kwa nusu: nusu ni wadogo kuliko huo, nusu ni wakubwa. Panda kutoka chini ukijumlisha mpaka upite nusu ya watu wote. Kenya 2009 nusu ilikuwa milioni 19.3. Pau tatu za chini zinatoa milioni 16.57, bado. Ya nne, 15–19, ina milioni 4.17, na hapo tunavuka. Tulihitaji milioni 2.73 kutoka katika hizo 4.17, karibu theluthi mbili ya kundi. Theluthi mbili ya miaka mitano ni zaidi kidogo ya miaka mitatu, kwa hiyo umri wa kati ulikuwa kama miaka 18.

Naupenda umri wa kati kwa sababu hautegemei mpaka wa mzee wala wa mtoto, ule tuliouona ukibishaniwa hapo juu. Usiuchanganye na wastani wa umri, ambao katika nchi yenye watoto wengi huwa juu zaidi kwa kuvutwa na wazee wachache.

Uwiano wa utegemezi unaingia wapi?

Unachukua watoto na wazee, unawagawanya kwa walio katikati, unazidisha kwa 100. Kenya 2009 ni milioni 16.57 na 1.33 dhidi ya 20.68, inayotoa karibu 87. Maana yake, kwa kila watu 100 wa miaka 15–64 kulikuwa na 87 nje ya umri huo. Utenganishe daima: kati ya hao 87, 80 walikuwa watoto na sita au saba wazee. Namba moja iliyofichwa hivyo inaweza kuwa sawa kwa nchi ya watoto wengi na nchi ya wazee wengi, na mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Kumbuka pia ni hesabu ya umri tu. Mama wa miaka 67 anayelima na kulea wajukuu anahesabiwa tegemezi, na mwanafunzi wa miaka 20 anahesabiwa mtafutaji.

Nimechora kwenye kompyuta, jumla inatoka ndogo ajabu. Kwa nini?

Ili pau za wanaume zielekee kushoto, wachoraji wengi huweka alama ya kutoa mbele ya namba zao. Picha inapendeza, lakini ukijumlisha safu hizohizo wanaume wanawafuta wanawake. Weka namba halisi kwenye safu B na C, na zile hasi kwenye safu ya kuchorea tu. Kama kundi la 0–4 liko mstari wa 2 na la 80+ mstari wa 18, asilimia ya watoto na ya wazee ni hizi:

```
=100*SUM(B2:C4)/SUM(B2:C18)
=100*SUM(B15:C18)/SUM(B2:C18)
```

## Piramidi mbili za nchi moja

Kenya 2009 hadi 2019: watoto waliongezeka au walipungua?

Vyote viwili, na hapa ndipo taarifa nyingi za habari huteleza.

| Kundi | 2009 (milioni) | 2009 | 2019 (milioni) | 2019 |
|---|---|---|---|---|
| 0–14 | 16.57 | 42.9% | 18.54 | 39.0% |
| 15–64 | 20.68 | 53.6% | 27.15 | 57.1% |
| 65+ | 1.33 | 3.5% | 1.87 | 3.9% |

Watoto waliongezeka kwa karibu milioni mbili, ilhali sehemu yao ilishuka kwa takriban pointi 4 za asilimia. Hakuna mgongano. Watoto walikua kwa 12% wakati nchi nzima ilikua kwa 23%, kwa hiyo wakaachwa nyuma. Mpanga madarasa anaangalia idadi, na kwake mzigo umeongezeka. Anayeeleza muundo wa watu anaangalia sehemu, na kwake nchi imeanza kutoka utotoni.

Kwa wazee mambo yamegeuka. Sehemu yao ilipanda kidogo tu, kutoka 3.5% hadi 3.9%, na jicho kwenye picha halioni kitu. Lakini idadi yao ilikua kwa 40%. Anayesoma asilimia peke yake atasema “wazee hawajabadilika”, na atakosa zaidi ya watu nusu milioni.

Sehemu ya wazee hupanda kwa sababu watu wanaishi muda mrefu zaidi, sivyo?

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na linaingia akilini kwa urahisi sana. Katika nchi kama zetu, kinachopandisha asilimia ya wazee kwanza ni kitako cha piramidi, si kilele. Asilimia ni mgawanyo. Watoto wakipungua kasi, jumla unayogawia inapungua kasi, na wazee walewale wanakuwa sehemu kubwa zaidi.

Utafiti wa uzazi wa Kenya wa 1977–78 ulikuta wastani wa watoto wapatao 8 kwa kila mwanamke. Ule wa 2008–09 ulikuta 4.6, wa 2014 ukakuta 3.9, na wa 2022 ukakuta 3.4. Mteremko huo ndio uliofanya pau ya 0–4 ya mwaka 2019, takriban milioni 6.0, iwe fupi kuliko ya 10–14 iliyo juu yake, takriban milioni 6.3. Piramidi ya 2009 ilikuwa kinyume chake: kila moja ya pau tatu za chini ilikuwa ndefu kuliko iliyoifuata.

Na kupungua kwa vifo? Katika hatua za mwanzo vifo vinavyopungua zaidi ni vya watoto wachanga. Watoto wanaookolewa hubaki kwenye kitako na kukipanua, kwa hiyo kuboreka kwa afya kunaweza kuifanya idadi ya watu iwe changa zaidi kwa muda. Urefu wa maisha huanza kukivuta kilele pale vifo vya utotoni vikiwa tayari vichache na watu wa miaka 60 na 70 nao wakawa wanaishi zaidi. Japani imekwisha fika huko: wenye 65 na zaidi ni karibu 29% ya watu, zaidi ya mara mbili ya watoto.

Niandike sentensi gani chini ya piramidi?

Taja mahali, mwaka, mpaka wa umri, sehemu, na idadi. Kwa mfano: “Katika sensa ya 2019, watoto wa miaka 0–14 walikuwa 39.0% ya watu wa Kenya (milioni 18.5), na wenye miaka 65 na zaidi 3.9% (milioni 1.9), yaani wazee 10 kwa kila watoto 100.” Hicho kipimo cha mwisho kinasaidia sana pale sehemu ya wazee ni ndogo. Mwaka 2009 kilikuwa 8. Maneno kama “nchi changa” au “piramidi pana” yaje baada ya namba, au yasije kabisa.

## Pale picha inapopotosha

Pau ya 0–4 imefinywa. Je, uzazi umeshuka kweli?

Huenda umeshuka, huenda watoto wachanga hawakuhesabiwa. Karani wa sensa akiuliza “mko wangapi hapa?”, kichanga cha wiki tatu husahaulika kwa urahisi, hasa kikiwa kwa bibi. Namna ya kutenganisha ni kufuata kundi lilelile hadi sensa inayofuata. Waliokuwa 0–4 mwaka 2009 walikuwa milioni 5.94. Miaka kumi baadaye walikuwa 10–14, na walihesabiwa takriban milioni 6.3. Kundi haliwezi kukua lenyewe. Ama watoto wa nje waliingia kwa wingi mkubwa, ama umri uliandikwa vibaya, ama wengine hawakuhesabiwa 2009. Kwa ongezeko la kiasi hicho ndani ya nchi nzima, sababu mbili za mwisho ndizo za kuangalia kwanza.

Kwa hiyo hata 2019 sitajenga hoja juu ya pau ya 0–4 pekee. Ninaamini kushuka kwa uzazi kwa sababu tafiti za uzazi zinasema hivyohivyo kwa njia nyingine, na kwa sababu pau ya 5–9 nayo ilikuwa fupi kuliko ya 10–14.

Kuna pau zinazochomoza kwenye 30, 40, 50, 60. Ni nini kilitokea miaka hiyo?

Pengine hakuna. Watu wasiojua mwaka wa kuzaliwa hutaja umri unaoishia na 0 au 5, au karani huwakadiria hivyo. Kwenye piramidi ya mwaka mmoja mmoja hilo huonekana kama meno ya msumeno. Kwenye makundi ya miaka mitano hujificha, lakini haliondoki. Mpaka wa mzee unaanguka juu ya namba hizohizo: mwenye 63 au 64 anayejisema 65 anaingia kwenye wazee, wakati mwenye 66 anayejisema 65 anabaki alipo. Mkengeuko wote unaelekea upande mmoja, kuongeza wazee. Mpaka wa 60 una tatizo hilohilo.

Ukiwa na jedwali la mwaka mmoja mmoja, pima kwa kipimo cha Whipple: kuanzia miaka 23 hadi 62, hesabu wenye umri unaoishia na 0 au 5, zidisha kwa 5, gawanya kwa watu wote wa umri huo, zidisha kwa 100. Ukipata 100, hakuna upendeleo. Ukipita 175, umri umeandikwa ovyo sana, na asilimia ya wazee itajwe kwa tahadhari.

Pau ya juu kabisa ni ndefu kuliko iliyo chini yake. Wakongwe ni wengi hivyo?

Pau ya mwisho kwa kawaida iko wazi: 80 na zaidi. Inabeba kila mtu kuanzia 80 hadi mwisho wa uhai, wakati ya chini yake inabeba miaka mitano tu. Kenya 2009 kundi la 80+ lilikuwa kubwa kuliko la 75–79, na sehemu ya sababu ni hiyo. Nyingine ni kwamba wazee huongezewa umri. Kwa kuhesabu 65+ ijumlishe kama ilivyo, lakini usilinganishe urefu wake na nyingine.

Je, umbo la piramidi linaweza kuonyesha kwamba hesabu nzima ina kasoro?

Ndiyo. Agosti 2010, serikali ya Kenya ilipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, ilikataa ya wilaya nane za Turkana na Kaskazini Mashariki. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba ongezeko la watu halikulingana na uzazi na vifo, na mpangilio wa umri na jinsi ulienda kombo. Uamuzi huo ulipingwa mahakamani, na siingii humo. Kwa msomaji wa piramidi, la kuchukua ni kipimo chenyewe: eneo likikua haraka kwa sababu ya uzazi, kitako ndicho kinachopanuka. Likikua haraka huku pau za watu wazima na za watoto zikivimba pamoja, lazima kuwe na wahamiaji au karatasi zilizojazwa mezani.

## Maumbo yasiyo ya kawaida

Piramidi ya Nairobi haifanani na ya Kenya. Nimekosea?

Hujakosea. Watu huja mjini wakiwa na miaka ishirini na kitu, kwa hiyo tumbo la piramidi linatokeza kwenye 20–34. Wazee wanakuwa sehemu ndogo kwa sababu wengi hurudi shamba, si kwa sababu wanakufa mapema. Katar ni mfano mkali zaidi: upande wa wanaume wa umri wa kufanya kazi umevimba kwa vibarua wa kigeni, wakiwemo wa kwetu, na asilimia ya watoto pale haisemi karibu lolote kuhusu uzazi. Mahali penye wahamiaji wengi, eleza tumbo kwanza, ndipo uje kwenye watoto na wazee.

Kuna pengo la mwaka mmoja tu kwenye piramidi ya Japani. Ni kosa la uchapaji?

Ni la kweli. Mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda yao ya kale, na imani ilisema msichana aliyezaliwa mwaka huo angemletea mume balaa. Waliozaliwa walipungua kwa karibu robo ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Pengo hilo limekuwa likipanda pamoja na umri, na sasa limefika kwenye 60. Kwenye makundi ya miaka mitano halionekani vizuri.

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu wa jinsi tata. Wako upande gani wa piramidi?

Walihesabiwa 1,524, na piramidi yenye pande mbili haina pa kuwaweka. Ndiyo maana wanaume 23,548,056 na wanawake 24,014,716 hawafiki jumla ya 47,564,296. Asilimia za watoto na wazee haziguswi, lakini ukikuta tofauti hiyo kwenye jedwali lako usiisahihishe.